Kitakachofungwa ni Taa

Job Wepukhulu aliuza taa za sola kwa mdomo. Siku za soko alisimama nje ya duka la Madam Chepkosgei pale Kitale, paneli ndogo ameiinua juu ya kichwa kama mtu anayejikinga jua, na watu waliokuja kuuza mahindi au kununua mbolea walisimama kumsikiliza kabla hata hawajajua anauza nini. Alizaliwa upande wa Bungoma, akaja Kitale kijana kubeba magunia, na hata alipokuwa amebeba gunia alikuwa akiongea. Madam Chepkosgei alimwajiri kwa sababu hiyo.

Biashara yenyewe ilikuwa nzuri. Mteja alilipa kitu kidogo mwanzo, akaenda nyumbani na paneli, betri, balbu tatu na waya wa kuchaji simu. Baada ya hapo alilipa shilingi hamsini kwa kila siku anayotaka mwanga, kwa M-Pesa. Akishalipa anatumiwa ujumbe wenye nambari, anazibonyeza kwenye betri, na taa inawaka kwa siku alizolipia. Akimaliza siku mia tatu za kulipia, anapewa nambari ya mwisho na taa ni yake maisha.

Ndani ya kila boksi kulikuwa na kipeperushi. Job alikikunja na kukitia humo bila kukisoma. Yeye mwenyewe alishamweleza mteja yote, tena mara mbili, na mara ya pili kwa Kibukusu kama ilihitajika.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Job hangeweza kumweleza lolote kwa mdomo, naye ni mama mkwe wake.

Mama Nakhungu aliishi karibu na Chwele, mjane, fundi wa cherehani. Alinunua vitenge Lwakhakha mpakani, akashona magauni na sare za kwaya, na kanisa lake lote liliimba likiwa ndani ya kazi ya mikono yake. Nyumba nyingi siku hizi zimelegeza mila za ukwe, lakini yake haikulegeza. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Job alipokwenda huko aliwekewa kiti barazani, mama alikaa jikoni, na maneno yalibebwa na Nangila, mke wa Job, kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, pamoja na chai. Kwa miaka tisa ya ndoa Job alikuwa ameona kisogo cha mama mkwe wake, kitambaa chake cha kichwa, na mara moja, kwa bahati mbaya, uso wake wote kwenye mazishi. Kila mmoja aligeuka haraka upande wake.

Job alitaka kumpa taa bure. Mama alimtuma Nangila arudishe jibu kwamba hawezi kushona chini ya mwanga wa mkwe ambao hajaulipia. Basi akauziwa kama mteja mwingine yeyote, kwa nambari yake ya simu, na Nangila akapeleka boksi. Maelezo marefu ya Job yalibaki Kitale. Kilichofika Chwele ni kipeperushi.

*

Mwezi wa tano Nangila alikwenda kumwona mama yake bila kupiga simu. Alimkuta amekaa kitandani, kifundo cha mguu wa kulia kimevimba. Aliteleza mtoni wiki kadhaa zilizopita, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Hakuwa ameshona kitu tangu siku hiyo.

"Na hukuniambia, Mama?"

"Mguu utapona. Ningekuambia ufanye nini?"

Giza lilipoingia mama aliwasha koroboi. Nangila akauliza taa iko wapi. Mama akashughulika na utambi. Nangila akatafuta, akaikuta chini ya kitanda, betri na balbu zimefungwa vizuri ndani ya kitenge kipya, na kando yake mkoba wenye sweta, Biblia, sabuni ya kipande na soksi nzito.

"Unasafiri, Mama?"

Mama Nakhungu alitazama ukuta. "Mwanangu, mimi sijawahi kulala selo. Nimesikia ni baridi."

Ilichukua muda Nangila kuelewa. Mguu ulipoumia, pesa ziliisha, na pesa zilipoisha taa ilizima. Ndipo mama alipochukua kipeperushi akakisoma kwa mara ya kwanza neno kwa neno, kwa miwani, jinsi alivyosoma Zaburi. Nangila naye akakisoma karibu na koroboi. Kilisema hivi: *Mteja atakayekosa malipo atafungwa mara moja bila taarifa. Dhamana ni miaka miwili kwa malipo kamili. Kifaa kitachukuliwa na hatua zaidi kufuata.*

"Unaona?" mama alisema. "Nitafungwa. Halafu nikitaka kutoka kwa dhamana, lazima nilipe pesa yote, ndio nikae nje miaka miwili. Niliwaza niuze cherehani. Lakini nikiuza cherehani nitalipa na nini baadaye? Nikasema waje tu. Nimewafungia taa yao vizuri wasiseme nimeiharibu."

"Lakini Mama, si ungeuliza Baba Emmy? Yeye ndiye anauza hizi taa!"

"Nimuulize mkwe wangu kama atanipeleka jela?" Mama alishtuka kweli. "Wewe Nangila, umelelewa wapi?"

*

Nangila alitoka nje akampigia mume wake. Job aliposikia mambo ya selo na soksi nzito alicheka sana.

"Usicheke," Nangila alisema.

"Lakini Mama Emmy, ati dhamana! Si hiyo ni ya vitu vikiharibika? Na kufungwa ni taa inajifunga, yenyewe tu, mpaka alipe."

"Mama amelala gizani mwezi mzima akingoja polisi waliotumwa na wewe. Usicheke."

Job aliacha kucheka. Kisha akasema Nangila aingie ndani amweleze mama kwamba hakuna kitu kama hicho. Nangila aliingia, akaeleza, akatoka tena.

"Anasema asante sana. Anasema wewe ni mtoto mzuri na unamhurumia. Lakini maneno ni yako na karatasi ni ya kampuni, na polisi wakija hawatauliza Job alisema nini."

"Basi nitamlipia."

"Jaribu uone. Ataondoka hapo nyumbani kabisa."

Usiku huo Job alikisoma kipeperushi kwa mara ya kwanza tangu aanze kuuza taa. Alipomaliza hakuona cha kuchekesha. Alikumbuka mzee mmoja wa Mlima Elgon aliyerudisha taa nzima, ikiwa haina kasoro, akaiweka juu ya meza na kuondoka bila kudai chochote. Dukani walisema mzee yule amechanganyikiwa.

*

Madam Chepkosgei alikuwa mwanamke wa kazi. Alianza na kibanda cha kuchaji simu, na sasa alikuwa na duka na wauzaji sita. Kipeperushi alikuwa amekitoa kwa Kiingereza cha waliomletea taa, akakipitisha kwenye kompyuta, kompyuta ikatoa Kiswahili, akakipeleka kuchapishwa. Job alipomsimulia habari za mama mkwe, alishika kichwa.

"Woi! Mama wa watu!" Halafu akafikiri. "Lakini Job, tukiandika kwamba mtu asipolipa hakuna kitu, nani atalipa?"

"Kuna kitu, Madam. Taa inazima."

"Na hakuna faini. Unataka niandike kwa herufi kubwa kwamba hakuna faini?"

"Si ni ukweli?"

"Ni ukweli, lakini si lazima ukweli wote uandikwe, bana."

 Job alisema tu kwamba mtu anayeogopa anaficha taa chini ya kitanda, na taa iliyo chini ya kitanda hailipiwi. Madam Chepkosgei alizungusha kalamu mezani. Mwishowe alisema Job aandike, yeye ataangalia, lakini sharti la kuchukuliwa kwa taa lisilainishwe. "Nimewahi kufuata taa mpaka Uganda," alisema. "Hiyo nayo iandikwe wazi."

Walipokaa kuandika waligundua kitu cha aibu kidogo. Hawakukubaliana juu ya masharti ya duka lao wenyewe. Job alikuwa akiwaambia wateja kwamba miaka miwili ya kutengenezewa inaanza siku ya kununua. Madam alidhani inaanza siku ya kumaliza kulipa. Ilibidi watafute karatasi ya waliowaletea taa, na Job ndiye aliyekuwa sahihi. Kuhusu taa iliyo dukani ikitengenezwa, Job alikuwa akisema siku hizo hazihesabiwi, ila betri yenyewe iliendelea kuzihesabu. Madam aliamua hapo hapo kwamba mteja atarudishiwa siku zake kwa nambari mpya. "Andika," alisema, "nisije nikabadilisha mawazo."

Job aliandika, akafuta, akaandika tena. Neno *dhamana* alilitupa. Mahali pake akaweka *waranti*, kama watu wanavyosema mjini, akaona amemaliza.

*

Jumapili baada ya ibada Job alikaa barazani Chwele na rasimu mkononi. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi nyuma yake. Nangila alichukua karatasi akaingia nayo, na Job akasikia miwani ikitolewa kwenye kasha.

Kisha sauti ya mama ikimnong'oneza Nangila, na Nangila akatoka akiwa amejiziba mdomo.

"Anauliza kwa nini umeongeza waranti."

"Aa, hiyo ndiyo ile dhamana. Nimeiweka vizuri."

"Anasema waranti ndiyo askari hubeba wakija kukukamata. Anasema zamani ulikuwa umempa dhamana, sasa hata hiyo umeondoa."

Job aliinamisha kichwa. Alichukua kalamu, akakata neno, akakaa. Hakupata neno lingine. Mwishowe hakutafuta neno, akaandika sentensi nzima: *Taa ikiharibika yenyewe kabla miaka miwili haijaisha tangu siku uliyoinunua, ilete dukani. Tutaitengeneza au tutakupa nyingine bila malipo.* Nangila akapeleka.

"Anauliza, ikiharibika yenyewe maana yake nini? Panya wake wanakula waya. Hiyo ni yenyewe au ni panya?"

"Ya panya haimo. Ya maji pia haimo, na mtu akiifungua mwenyewe haimo."

"Basi andika panya, anasema."

Job akaandika panya.

Wakafika kwenye malipo. Job alikuwa ameandika: *Siku ulizolipia zikiisha, taa itajifunga.* Mama akataka *itajifunga* iondoke kabisa. Akaandika *itazima*. Mama akauliza na mtu je? Job akaongeza: *Ni taa tu inayozima. Wewe hukamatwi, hupelekwi kwa chifu, hutozwi faini.* Nangila aliposoma hiyo kwa sauti jikoni, Job alisikia pumzi ndefu ikitoka kwa mama, kama mtu anayetua debe la maji.

Lakini mama hakuwa amemaliza. Nangila alitoka, akaingia, akatoka, mpaka viatu vikamchosha akavivua. Mama aliuliza, mtu akipata pesa tena atalipia na zile siku za giza? Job akajibu hapana, analipia siku za mbele tu. Mama akauliza, basi si atapunguziwa? Hapana, siku za kulipia ni zile zile mia tatu, zinachelewa tu kuisha. Nangila alianza kuchanganya. Alipeleka swali akarudi na jibu la swali lingine. Mara ya tatu alipokosea, sauti ikatoka dirishani, wazi, bila mbebaji:

"Sio hivyo! Nauliza nikizima mwezi mzima, miezi kumi ikiisha bado nitakuwa na deni la mwezi?"

Na Job, bila kugeuka, akajibu papo hapo: "Ndiyo, Mama. Hatuhesabu kalenda. Tunahesabu siku taa imewaka."

 Kuku alipita barazani. Nangila alisimama mlangoni, mkono mmoja kifuani, akimtazama mume wake, kisha akimtazama mama yake. Job aliangalia mguu wake mwenyewe. Alihisi masikio yakiwaka moto.

"Hayo sasa ni maneno ya mtu kuelewa," sauti ya mama ilisema hatimaye, polepole, safari hii kama inaongea na sufuria. "*Siku taa imewaka.* Nangila, mwambie aandike hivyo hivyo."

"Amesikia, Mama."

"Mwambie hata hivyo."

Nangila akamwambia. Job akaandika.

Sharti la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Mteja akikaa miezi mitatu bila kulipa chochote, duka litampigia simu, kisha litamtembelea, na ikiwa bado hajalipa taa itachukuliwa. Itawekwa dukani mwezi mmoja akilipa arudishiwe. Baada ya hapo itauzwa kwa mwingine, na pesa alizokwisha kulipa hazirudi. Hilo la mwisho Job alikuwa ameliandika chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwa sababu aliona haya nalo.

Mama alilisoma kwa muda mrefu. "Muulize kwa nini hazirudi."

Job alieleza kwamba mtu ametumia mwanga siku hizo, na taa iliyotumika haiuzwi kwa bei ya mpya. Alieleza kwa sauti ya chini, bila yale madoido ya sokoni.

"Ni chungu," mama alimwambia Nangila. "Lakini nikiambiwa mapema naweza kujipanga. Mwambie alitoe huko chini aliweke juu na mengine. Mtu mwenye macho kama yangu ndiye hasa anayepaswa kuliona."

*

Madam Chepkosgei aliposoma karatasi hiyo alipinga mstari wa faini kwa mara nyingine, kisha akapinga panya, akisema duka litachekwa. Job alishikilia panya. Mstari wa faini nao ulibaki, baada ya Madam kutazama picha ya mama yake iliyokuwa ukutani. Vipeperushi vilichapishwa Bungoma, kwa karatasi ya kawaida, maandishi makubwa.

Mambo hayakugeuka kwa siku moja. Wateja wengine, walipoona hakuna faini, walilegea kweli, na Madam alimkumbusha Job hilo kila mwisho wa mwezi. Lakini taa zilizorudishwa kwa hofu zilikoma, na watu ambao taa zao zilizima walianza kupiga simu wenyewe kusema mahindi bado, ngojeni kidogo. Mwanamke mmoja kutoka mlimani, jina lake Jepkoech, alileta betri iliyokufa ambayo ilikuwa imekaa kwake karibu mwaka. Alikuwa na haki ya kubadilishiwa siku zote hizo, ila alidhani kwanza lazima amalize kulipa. Alibadilishiwa siku hiyo hiyo, na Madam mwenyewe ndiye aliyemfungia boksi.

Sokoni Job aliendelea kupiga domo, maana hiyo ndiyo riziki yake. Ila sasa, kabla ya kuchukua pesa ya mtu, alimpa karatasi na kumwomba amsomee, na mahali msomaji alipokwama Job alipaweka alama. Wenzake walimtania kwamba amekuwa mwalimu wa ngumbaru.

Mama Nakhungu alipata nafuu. Pesa ya kwanza aliyopata, ya kupunguza sketi ya mtoto wa jirani, aliitumia kulipia siku mbili za mwanga. Alimpigia Nangila simu usiku huo, akacheka peke yake kwa furaha, akakata.

Mwezi wa nane Nangila alirudi kutoka Chwele na kifurushi. Ndani yake mlikuwa na shati la kitenge cha bluu, lenye maua ya njano, la Baba Emmy. Mama alikuwa amelishona bila kupima, kwa kukisia mtu ambaye hajawahi kumtazama sawasawa. Mabega yalikaa vizuri ajabu. Mikono ilikuwa mirefu, ikafika mpaka vidoleni.

"Nitakunja niishone," Nangila alisema.

"Usiguse," Job alisema. Aliikunja mara mbili kwa mkono, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akageuka huku na huku. Kisha akamwomba mke wake simu yake, ampigie mama aseme asante, halafu akakumbuka, akairudisha.

"Mwambie limenitosha," alisema.

Nangila alipiga. Job alisimama karibu vya kutosha kusikia sauti ya upande wa pili ikiuliza, kwa wasiwasi, kuhusu mikono.